Umanjano wa mtoto mchanga: picha ya simu, jicho, kifaa cha ngozi au kipimo cha damu?

Mtoto mchanga anapoanza kuonekana wa manjano siku ya tatu au ya nne baada ya kuzaliwa, familia ina njia nne za kujaribu kujua kama kuna tatizo. Ya kwanza, ambayo siku hizi ndiyo hutangulia nyingine zote, ni kumpiga picha kwa simu na kuituma kwa muuguzi, kwa daktari au kwa ndugu anayeaminika kuwa anajua mambo hayo. Ya pili ni kumtazama kwa macho katika mwanga wa mchana. Ya tatu ni kifaa kidogo kinachogusishwa kwenye ngozi na kutoa namba. Ya nne ni kuchukua damu na kuipima. Ninazilinganisha hapa zote nne, lakini sitazipa nafasi sawa. Picha inahitaji maelezo marefu kuliko nyingine kwa sababu hudanganya bila mdanganywa kutambua, tena hudanganya kwa pande zote mbili: humfanya mtoto mzima aonekane mgonjwa, na humfanya mgonjwa aonekane mzima.

Swali ambalo rangi hailijibu

Chembe nyekundu za damu zinapozeeka na kuvunjwa, himoglobini iliyomo ndani yake hugeuzwa kuwa bilirubini, yaani kitu cha manjano ambacho ini hukichukua, hukibadili ili kiweze kuyeyuka majini, kisha hukitoa pamoja na nyongo. Mtoto mchanga ana chembe nyekundu nyingi ambazo huishi muda mfupi kuliko za mtu mzima, na ini lake bado halijawa na uwezo kamili wa kazi hiyo, kwa hiyo bilirubini hurundikana katika damu na kupenya hadi kwenye ngozi. Takriban watoto 6 kati ya 10 waliozaliwa wakiwa wametimiza miezi, na 8 kati ya 10 waliozaliwa njiti, huonekana wa manjano katika wiki ya kwanza. Wengi wao hawahitaji tiba yoyote. Kwa wachache, kiwango hupanda hadi bilirubini ikaingia kwenye ubongo, ambako huharibu sehemu zinazoongoza misuli na usikivu, na uharibifu huo ukishakaa hauondoki.

Kwa hiyo swali la msingi si kama mtoto ni wa manjano. Swali ni kiwango cha bilirubini ni kipi, na mtoto ana umri wa saa ngapi. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza unaonyesha jambo hili vizuri. Kwa mtoto aliyezaliwa akiwa na wiki 38 au zaidi, tiba ya mwanga huanza kiwango kikizidi mikromoli 200 kwa lita akiwa na umri wa saa 24, lakini akiwa na saa 96 kizingiti hicho huwa kimepanda hadi 350. Mtoto mwenye 280 akiwa na siku moja amekwisha kuvuka mpaka na anatakiwa kuwekwa chini ya taa bila kuchelewa. Mwenye 280 hiyohiyo akiwa na siku nne bado yuko chini ya mpaka. Ngozi zao zinaweza kuwa na rangi ileile kabisa. Hata kama kungekuwa na kamera isiyokosea rangi hata kidogo, picha zao zisingeonyesha ni yupi anayehitaji tiba.

Kuna kikwazo kingine kinachofuata hapo. Manjano huanza kuonekana kwenye ngozi ya mtoto mchanga bilirubini inapofika karibu mikromoli 85 kwa lita, ambayo ni sawa na miligramu 5 kwa desilita. Maamuzi yote makubwa hufanyika juu ya hapo, katika eneo ambalo mtoto amekwisha kuwa wa manjano na linalobadilika ni kina cha rangi tu. Ni katika kupima kina hicho ndipo kamera hushindwa.

Kamera inaona nini hasa

Bilirubini hunyonya mwanga wa buluu, na hunyonya zaidi kwenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 460. Ngozi yenye bilirubini nyingi hurudisha mwanga mwekundu na wa kijani karibu kama kawaida, lakini hurudisha buluu pungufu, na upungufu huo ndio jicho linaouona kuwa manjano. Kitambuzi cha simu hupima kila pikseli kwa namba tatu, yaani nyekundu, kijani na buluu. Ndani ya picha, basi, umanjano si kitu kilichoongezeka. Ni namba ya buluu iliyoshuka.

Hapo ndipo tatizo lote lilipo. Namba ya buluu katika picha ni zao la vitu viwili, yaani buluu iliyokuwemo katika mwanga ulioiangaza ngozi, na sehemu ya buluu hiyo ambayo ngozi iliirudisha. Balbu ya mwanga wa joto, ile ya rangi ya Kelvini 2700 hivi, hutoa buluu kidogo mno ikilinganishwa na mwanga wa mchana wa Kelvini 5500 hadi 6500. Picha iliyopigwa chini ya balbu hiyo ina upungufu wa buluu kabla hata bilirubini haijahusika, na kamera haina njia ya kujua ni kiasi gani kimepunguzwa na taa na ni kiasi gani kimepunguzwa na ngozi. Ni sawa na kumpima mtoto uzito akiwa amebebwa na mtu ambaye uzito wake haujulikani: mizani inasema kweli, lakini jibu la mtoto halimo.

Mfano wa hesabu utaonyesha ukubwa wa kosa. Namba nilizotumia nimezirahisisha, nikichukulia kwamba kitambuzi hupima mwanga kwa uwiano wa moja kwa moja, jambo ambalo picha ya kawaida hailifuati kikamilifu, lakini mwelekeo wa kosa hauathiriki. Tuseme kuna mtoto wa kwanza asiye na umanjano wa maana, ambaye paji lake la uso hurudisha asilimia 83 ya mwanga mwekundu, 67 ya kijani na 56 ya buluu ukilinganisha na karatasi nyeupe. Mtoto wa pili ana umanjano wa kweli, na kwake buluu inayorudishwa imeshuka hadi asilimia 40, huku nyekundu na kijani zikiwa zilezile. Dirishani karatasi nyeupe ingesomeka 240 katika rangi zote tatu. Chini ya balbu, kamera ikiwa haijasahihisha chochote, karatasi hiyohiyo ingesomeka 240 kwa nyekundu, 200 kwa kijani na 130 kwa buluu. Paji la uso la kila mtoto linasomeka hivi:

| Picha | Nyekundu | Kijani | Buluu |
|---|---|---|---|
| Mtoto wa kwanza, dirishani | 199 | 161 | 134 |
| Mtoto wa kwanza, chini ya balbu | 199 | 134 | 73 |
| Mtoto wa pili, dirishani | 199 | 161 | 96 |
| Mtoto wa pili, dirishani, simu ikiwa imezidisha buluu mara 1.4 | 199 | 161 | 134 |

Linganisha safu ya pili na ya tatu. Mtoto asiye na tatizo, akiwa chini ya balbu, ana buluu 73, na mtoto mwenye umanjano, akiwa dirishani, ana 96. Atakayezitazama picha hizi mbili bila kujua taa zilizotumika atamkimbiza hospitali yule wa kwanza na kumwacha nyumbani yule wa pili. Kisha linganisha safu ya kwanza na ya nne: ni namba zilezile tatu. Baada ya simu kufanya marekebisho yake, mtoto mwenye umanjano amegeuka kuwa yule asiye nao, na hakuna jicho wala utaalamu unaoweza kumtofautisha kutoka kwenye picha hiyo, kwa kuwa taarifa yenyewe imefutwa.

Makosa ya mwanga, moja baada ya jingine

Safu ya nne ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa hiyo nianze nayo. Kila simu ina usawazishaji wa weupe unaofanya kazi wenyewe, ambao lengo lake ni kufanya picha ipendeze, na kuhifadhi rangi ilivyo si kazi yake. Kanuni yake ya zamani na rahisi kuliko zote ni kudhani kwamba rangi zote za tukio zikichanganywa pamoja zitatoa kijivu. Dhana hiyo inafaa kwa picha ya chumba chenye vitu vingi vya rangi mbalimbali. Haifai hata kidogo pale uso wa mtoto wa manjano unapojaza fremu nzima, kwa sababu simu huona manjano kila mahali, hudhani ni kosa la taa, na huongeza buluu mpaka manjano yapungue. Simu nyingi za sasa huenda mbali zaidi: hutambua kwamba kuna uso na kuusogeza kuelekea rangi ya ngozi ambayo watengenezaji wake wanaona inavutia. Mzazi anayemsogelea mtoto ili daktari aone vizuri ndiye hasa anayeipa simu nafasi kubwa ya kuufuta ugonjwa.

Kosa hilohilo hufanya kazi kinyume nguo na matandiko yanapoingia kwenye picha. Mtoto akizungushiwa blanketi la buluu, simu hudhani kwamba taa ina buluu nyingi mno, huipunguza, na mtoto huonekana wa manjano kuliko alivyo. Akiwekwa kwenye blanketi la manjano au la rangi ya chungwa, mawili hutokea kwa pamoja: simu huongeza buluu katika picha nzima, huku kitambaa chenyewe kikirushia manjano shingoni na mashavuni mwake. Matokeo ya mivutano hiyo miwili hayatabiriki. Ukuta uliopakwa rangi na pazia lenye rangi hufanya vivyo hivyo, hata vikiwa nje ya fremu ambako anayepokea picha hawezi kuviona.

Mwanga mchanganyiko ni kosa la pili kwa uzito, na ndilo linalowapata watu waangalifu. Mzazi amesikia kwamba mwanga wa dirisha ni bora, akamsogeza mtoto dirishani, lakini taa ya darini haikuzimwa. Upande mmoja wa uso sasa una mwanga wa mchana, na upande wa pili una mwanga wa balbu. Simu inaweza kuchagua sahihisho moja tu kwa picha nzima. Ikisahihisha kwa dirisha, shavu la upande wa taa huwa la manjano; ikisahihisha kwa taa, shavu la dirishani huwa la buluu iliyopauka. Dalili ya kosa hili inaonekana kwa urahisi ukijua pa kutazama: ukiona shavu moja ni la manjano na jingine si la manjano, unachokiona ni taa, kwani bilirubini haichagui upande wa uso.

Taa za LED na zile ndefu za tyubu zina hila ya namna yake. Zinaweza kuonekana nyeupe kabisa kwa jicho, lakini mwanga wake haujasambaa sawasawa katika rangi zote. Taa nyeupe ya LED kwa kawaida huwa na kilele chembamba cha buluu karibu na nanomita 450, kisha bonde, kisha mwinuko mpana wa manjano. Kilele na bonde hilo viko palepale ambapo bilirubini hunyonya mwanga, kwa hiyo taa mbili zinazofanana machoni zinaweza kuipa ngozi ileile ya manjano sura mbili tofauti, na hakuna kitufe cha kusahihisha weupe kinachoweza kurudisha kile ambacho taa haikukitoa.

Flashi na mwanga mkali kupita kiasi huosha rangi. Pikseli ikifika kikomo cha juu katika nyekundu na kijani huku buluu ikiendelea kupanda, tofauti kati yake hupungua na ngozi hupauka, na ile nuru inayong'aa kwenye paji la uso lenye unyevu ni taswira ya flashi yenyewe, si rangi ya ngozi. Picha ya gizani hukosea kwa njia nyingine, kwa kuwa buluu ikiwa ndogo sana simu hukisia, na makisio hayo hutokea kama madoa ya rangi yaliyolainishwa.

Lipo pia kosa ambalo halifanyiki mahali mtoto alipo, nalo husahaulika mara nyingi. Picha inafika jioni kwa mtu ambaye simu yake imewashwa hali ya kupumzisha macho usiku, ile inayopunguza buluu ya skrini yote. Anamwona mtoto wa manjano ilhali picha aliyotumiwa haina manjano yoyote. Njiani, programu ya ujumbe ilikwisha kuibana picha ili iwe nyepesi, na ubanaji wa kawaida huhifadhi mwangaza kwa uangalifu kuliko rangi. Mtumaji akiwa ametumia kamera yenye kichujio cha kulainisha ngozi, hakuna kilichobaki cha kujadili.

Kwa sababu hizi zote, jambo linalowashawishi watu kuliko yote ndilo lisilofaa kuliko yote, yaani kuweka picha ya jana kando ya picha ya leo ili kuona kama manjano yamepungua. Kila picha ilisahihishwa peke yake, kwa taa yake na mandhari yake, kwa hiyo tofauti kati yake inaweza kuwa kazi ya simu tupu.

Je, karatasi nyeupe husaidia?

Wengine hupendekeza kuweka karatasi nyeupe kando ya mtoto ili rangi isahihishwe baadaye. Wazo hilo lina msingi, na ukirudi kwenye jedwali utaona kwamba kugawanya namba za ngozi kwa namba za karatasi kungeokoa picha ya balbu. Hata hivyo, karatasi nyingi za kuchapia huwekwa kemikali za kung'arisha zinazopokea miale ya urujuanimno na kuitoa kama buluu. Dirishani, karatasi hiyo huwa na buluu ya ziada, na chini ya balbu isiyo na miale hiyo huipoteza, kwa hiyo kipimo unachokiegemea nacho kinabadilika. Aidha, karatasi iliyo kifuani haipokei mwanga sawa na paji la uso lililogeukia upande mwingine.

Watafiti waliotaka kupima umanjano kwa simu walilijua hili tangu mwanzo. Mradi wa BiliCam wa Chuo Kikuu cha Washington uliweka kadi maalumu yenye miraba ya rangi zinazojulikana juu ya kifua cha mtoto, na hesabu zilifanywa kwa kuilinganisha ngozi na kadi hiyo katika picha ileile. Wengine hutazama weupe wa jicho na kupiga picha mbili, moja kwa flashi na nyingine bila flashi, kisha hutoa ya pili kutoka kwa ya kwanza ili mwanga wa chumba uondoke kwenye hesabu. Lengo la kazi hizo ni kuchuja nani apelekwe kupimwa damu. Anayetuma picha tupu kupitia programu ya ujumbe hana kadi wala hesabu hiyo.

Weupe wa jicho wenyewe unastahili neno moja. Hauna melanini nyingi ya ngozi, ambayo nayo hunyonya buluu na kuuficha umanjano kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kutazama. Lakini mtoto mchanga hufumba macho karibu muda wote, sehemu inayoonekana ni ndogo, uso wake wenye unyevu huakisi dirisha na nguo za anayepiga picha, na kwa watoto wachanga utando huo ni mwembamba kiasi cha kuonekana wa buluu kwa asili. Jicho la mwanadamu lililo karibu naye hukabiliana na hayo kwa kusogea na kungoja. Picha hukamata nukta moja tu ya muda.

Jicho katika mwanga wa mchana

Mtu aliye chumbani na mtoto ana mambo ambayo kamera haina. Anaijua taa iliyopo na anaweza kuizima, anaweza kumgeuza mtoto, na zaidi ya yote anaweza kubonyeza ngozi. Utaratibu wake ni kumvua mtoto nguo karibu na dirisha lisilo na pazia la rangi, pasipo jua kali la moja kwa moja, na taa zote zikiwa zimezimwa. Kisha unabonyeza kwa kidole paji la uso, pua na kifua, kila mahali kwa sekunde moja au mbili, unaachilia, na unatazama rangi kabla damu haijarudi. Wekundu wa damu hufunika manjano, na kidole huuondoa kwa muda. Baada ya hapo unaangalia fizi na weupe wa macho, ambapo kwa ngozi nyeusi huonyesha zaidi kuliko mashavu.

Njia hii hujibu swali moja kwa uaminifu wa kadiri: manjano yapo au hayapo. Mwaka 1969 daktari Kramer alieleza kwamba umanjano wa mtoto mchanga huanza kichwani na kushuka kuelekea miguuni kadiri bilirubini inavyopanda, na kwa miaka mingi wauguzi walikadiria kiwango kwa kuangalia umefika wapi. Mpangilio huo ni wa kweli kwa ujumla, lakini kwa mtoto mmojammoja watazamaji wenye uzoefu hutofautiana sana, na NICE inaelekeza kwamba kutazama peke yake kusitumike kukadiria kiwango. Kwa maoni yangu, jicho lina thamani moja kubwa ambayo picha haina: mtazamaji aliye pale huona pia kama mtoto ananyonya, anaamka, analia kwa sauti ya kawaida.

Kifaa cha ngozi na kipimo cha damu

Kifaa cha ngozi hugusishwa kwenye paji la uso au kifuani, hutoa mwanga wake chenyewe, na hupima ni kiasi gani cha buluu na kijani kinachorudi. Tazama jinsi kinavyoondoa kila kosa lililotajwa hapo juu: taa ni yake na inajulikana, mwanga wa chumba hauingii kwa sababu ncha imeshikana na ngozi, na hakuna usawazishaji unaotafuta kupendeza. Hata hivyo kina mipaka. NICE huelekeza kitumike kwa watoto waliozaliwa wakiwa na wiki 35 au zaidi na waliopita saa 24, na kikisoma zaidi ya mikromoli 250 kwa lita, jibu lihakikishwe kwa damu.

Kipimo cha damu ndicho kinachoamua tiba. Huhitaji tone kutoka kisiginoni au sindano ndogo, kinauma kidogo, na ndicho peke yake kinachoweza kutenganisha bilirubini ambayo ini limekwisha kuibadili na ile ambayo bado. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, kwa kamera wala kwa kifaa cha ngozi, ilhali inabeba maana kubwa.

Ipi wakati gani

Mtoto akionekana wa manjano katika saa 24 za kwanza, chaguo ni damu, na NICE inataka ipimwe ndani ya saa 2. Umanjano wa mapema hivyo hauchukuliwi kuwa wa kawaida, na muda wa kupiga picha na kungoja majibu ni muda uliopotea. Mtoto mwenye usingizi mzito usio wa kawaida, anayekataa kunyonya, anayelia kwa sauti nyembamba ya juu au anayepinda mgongo na shingo kwa nyuma hupelekwa hospitali mara moja, iwe rangi yake inaonekana vipi.

Mtoto wa siku ya pili hadi ya saba aliye mchangamfu, ambaye jicho dirishani limeona manjano, anafaa kupimwa kwa kifaa cha ngozi kama kipo, na kwa damu kama hakipo. Picha ina nafasi moja hapa, nayo ni kuharakisha: ikiwa ndiyo inayomfanya muuguzi aseme mlete leo, imefanya kazi. Isitumike kamwe kusema mwacheni nyumbani, kwa sababu safu ya nne ya jedwali inaweza kuwa ndiyo iliyo mbele yake.

Mtoto ambaye manjano yamedumu zaidi ya siku 14, au 21 kwa njiti, anahitaji damu inayotenganisha aina mbili za bilirubini, hasa kama choo chake kimepauka na mkojo wake unachafua nepi kwa rangi. Huenda mirija ya nyongo imeziba, na upasuaji wa kuitengeneza hufaulu zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza takriban siku 60. Picha ya choo hicho huathiriwa na taa ileile, kwa hiyo ni vema nepi yenyewe ipelekwe.

Kundi la mwisho ni watoto walioko kwenye tiba ya mwanga au waliotoka hivi karibuni. Chini ya taa za buluu, rangi ya ngozi haisomeki kabisa, kwa macho au kwa picha. Hata taa zikizimwa, mwanga huo umekwisha kuivunja bilirubini iliyo kwenye ngozi upesi kuliko ile iliyo katika damu, hivyo mtoto huonekana mweupe kuliko damu yake inavyosema, na kifaa cha ngozi nacho hudanganyika kwa sababu hiyohiyo. Kwa mtoto huyu damu hurudiwa kupimwa saa 12 hadi 18 baada ya tiba kusimamishwa, kwa kuwa ndipo kiwango huweza kupanda tena huku ngozi ikiwa bado haionyeshi.